Gharama ya Awali au Thamani ya Leo: Kipimo Kipi Kinaonyesha Hali Halisi ya Mali?

Serikali za kaunti kote nchini ziko katika mabadiliko makubwa ya uhasibu. Mwaka 2024 Baraza la Mawaziri liliidhinisha taasisi za umma ziache mfumo wa kunakili fedha taslimu pekee, na zihamie mfumo unaoonyesha pia mali na madeni. Katika mfumo wa zamani, kaunti ikinunua trekta au ikijenga zahanati, pesa hizo ziliandikwa mara moja kama matumizi ya mwaka huo. Mali yenyewe ilibaki katika orodha iliyoambatishwa mwishoni mwa taarifa ya fedha. Katika mfumo mpya, ardhi, majengo, mitambo na magari vitaingia ndani ya mizania, kila kimoja kikiwa na kiasi chake cha shilingi.

Hapo ndipo swali linapozuka. Kipande cha ardhi cha umma kilichopatikana miaka arobaini iliyopita kiandikwe kwa bei gani? Kuna wanaosema kiandikwe kwa pesa zilizolipwa wakati huo, na wengine wanataka bei ambayo kingeuzwa leo. Njia ya kwanza huitwa gharama ya awali, na ya pili huitwa thamani ya haki, yaani bei ambayo muuzaji na mnunuzi wasiolazimishwa, wote wakiwa na taarifa za kutosha, wangekubaliana siku ya kupima. Wahasibu wamebishana kwa miaka mingi kuhusu ni ipi kati ya hizo inayosema kweli zaidi. Makala haya yanaeleza mjadala huo kwa mifano ambayo mkazi wa Kamenu, Thika au Ruiru anaweza kuifuata kwa kalamu na karatasi.

Duka moja, vitabu viwili

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara wa Kamenu alinunua ploti ya futi hamsini kwa mia mwaka 1990 kwa shilingi 80,000. Mwishoni mwa mwaka 2005 alimaliza kujenga vyumba vya maduka kwa shilingi 2,000,000, akakadiria kwamba jengo litadumu miaka 40. Baada ya kuondoa gharama za ulinzi, maji na usafi, kodi ya maduka humpatia shilingi 480,000 kwa mwaka.

Tuanze na gharama ya awali. Ardhi haichakai, kwa hiyo inabaki 80,000. Jengo linachakaa, na gharama yake hugawanywa kwa miaka 40, yaani shilingi 50,000 kila mwaka. Kufikia mwisho wa 2025, miaka 20 imepita na jengo limepunguzwa kwa shilingi 1,000,000. Kilichobaki ni 1,000,000. Ukijumlisha na ardhi, kitabu kinasema mali yote ni shilingi 1,080,000.

Sasa mthamini aliyesajiliwa anaitwa. Anapima, anaangalia ploti za jirani zilizouzwa karibuni, kisha anaandika: ardhi shilingi 6,000,000, jengo shilingi 3,000,000. Jumla ni 9,000,000. Ni mali ile ile, siku ile ile, lakini kitabu cha pili kinaonyesha zaidi ya mara nane ya kitabu cha kwanza.

Wengi hudhani tofauti inaishia hapo, na kwamba mwenye kitabu cha pili ni tajiri zaidi. Tuangalie faida. Katika kitabu cha kwanza, kodi ya 480,000 hutolewa uchakavu wa 50,000, faida ikabaki 430,000. Katika kitabu cha pili, jengo la 3,000,000 lina miaka 20 iliyobaki, kwa hiyo uchakavu wake ni 150,000 kwa mwaka. Faida inashuka hadi 330,000. Kupandisha thamani ya jengo kumepunguza faida ya kila mwaka kwa shilingi 100,000.

Tulinganishe sasa faida na mali. Kwa kitabu cha kwanza, 430,000 juu ya 1,080,000 ni karibu asilimia 40. Mtu angesema biashara hii ni dhahabu. Kwa kitabu cha pili, 330,000 juu ya 9,000,000 ni chini ya asilimia 4. Mtu angemshauri mwenye duka auze na pesa aziweke kwingine.

Hakuna kitabu kati ya hivi viwili kinachodanganya. Kitabu cha kwanza kinajibu swali: je, pesa nilizotoa mfukoni zimenirudishia nini? Cha pili kinajibu swali jingine: je, ninachokishikilia leo kinanipa kiasi kinacholingana na thamani yake? Ubishi mwingi kuhusu kipimo cha kweli huanza pale mtu anapochukua jibu la swali moja na kulitumia kwa swali lingine.

Hoja ya wanaotetea gharama ya awali

Nguvu ya gharama ya awali ni ushahidi. Kuna makubaliano ya mauzo, risiti na hati ya malipo ya benki. Mkaguzi akiuliza 80,000 imetoka wapi, anaonyeshwa karatasi. Haihitaji maoni ya mtu, na haibadiliki kwa sababu msimamizi anataka mwaka huu uonekane mzuri.

Vilevile haimruhusu mtu kuhesabu faida ambayo bado hajaipata. Ploti ikipanda bei, mwenye ploti hana shilingi moja zaidi mfukoni mpaka auze. Huwezi kulipa mshahara wa mlinzi kwa bei iliyopanda.

Ni muhimu pia kujua kwamba gharama ya awali haifumbii macho hasara. Jengo likiungua au soko likihamia kwingine, na ikabainika kuwa mali haiwezi tena kurudisha kiasi kilichoandikwa, kanuni zinataka kiasi hicho kipunguzwe mara moja.

Udhaifu wake ni muda. Barabara ya Thika ilipopanuliwa kati ya mwaka 2009 na 2012, ardhi ya pande zote mbili ilipanda bei kwa kasi, lakini vitabu vilivyofuata gharama ya awali havikusema neno. Tena, kitabu hicho huchanganya shilingi za miaka tofauti. Shilingi 80,000 za mwaka 1990 zinajumlishwa na 2,000,000 za mwaka 2005 kana kwamba ni pesa za aina moja, ilhali kila mtu anayekwenda sokoni anajua shilingi ya 1990 ilinunua nini. Jirani aliyenunua ploti ya ukubwa huo huo mwaka 2022 ataonekana tajiri mara nyingi kuliko mwenzake, ingawa wamepakana ua kwa ua.

Hoja ya wanaotetea thamani ya haki, na mahali inapoteleza

Anayetetea thamani ya haki husema: msomaji wa hesabu anaishi leo. Benki inayotoa mkopo, mrithi anayegawiwa, mwanachama anayetaka kujitoa kwenye kampuni ya ardhi, wote wanataka kujua mali ina thamani gani sasa. Ukimwambia mjane kwamba fungu lake ni sehemu ya shilingi 1,080,000 wakati ploti ingeuzwa kwa milioni tisa, risiti zote zinaweza kuwa sahihi na bado ukawa umemdhulumu.

Tatizo ni kujua hiyo bei ya leo inatoka wapi. Kanuni ya kimataifa inayotumika tangu mwaka 2013, IFRS 13, inazipanga taarifa za kupimia katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni bei ya wazi ya kitu kile kile katika soko lenye mauzo ya kila siku, kwa mfano hisa katika Soko la Hisa la Nairobi. Hapo hakuna ubishi. Ngazi ya pili ni bei za vitu vinavyofanana, kama ploti za mtaa mmoja, zikirekebishwa kwa ukubwa, barabara na maji. Ngazi ya tatu ni makadirio ya mwenyewe kuhusu mapato ya miaka ijayo, kwa sababu soko la kitu hicho halipo.

Ardhi ya mitaani kwetu huwa katika ngazi ya pili na ya tatu, na hapo ndipo mambo huenda kombo. Kosa la kwanza ni kutumia bei inayotangazwa na dalali badala ya bei iliyolipwa. Bango linalosema milioni saba linaeleza matumaini ya muuzaji tu. Kosa la pili ni kuegemea mauzo mawili au matatu, huku moja likiwa la ndugu kwa ndugu. Kosa la tatu hutoka kwenye karatasi zenyewe. Ushuru wa stempu katika maeneo ya miji ni asilimia 4 ya thamani, na kuna watu hushawishika kuandika bei ndogo kuliko waliyolipana. Mthamini anayechukua karatasi hizo bila kuuliza anapata thamani iliyo chini ya kweli. La nne ni kupima kwa ajili ya lengo lililoamuliwa tayari: anayetaka mkopo huvuta thamani juu, na anayelipa kodi huivuta chini.

Kwa sababu hizi kanuni zimeweka mipaka. Taasisi inayochagua kupima upya ardhi au majengo yake inatakiwa kupima aina nzima ya mali. Haiwezi kuchukua ploti zilizopanda tu na kuziacha zilizoshuka. Pia, inapopandisha thamani ya mali inayoitumia yenyewe, ongezeko haliingii kwenye faida ya mwaka. Linawekwa katika akiba maalumu ya ukadiriaji upya, mbali na faida ya kawaida. Mkazi akiona taasisi inajivunia faida kubwa huku sehemu yake kubwa ikiwa ni ongezeko la thamani ya mali, aulize pesa hizo ziko wapi.

Somo kutoka mashambani: mti ulipopimwa kama bidhaa ya sokoni

Mjadala huu si wa vitabuni tu. Umewahi kugusa mashamba yaliyo mwendo mfupi kutoka Thika, na ulimalizika kwa kanuni kubadilishwa.

Mwaka 2003 kanuni ya kimataifa ya kilimo, IAS 41, ilianza kutumika. Ilitaka mimea na mifugo ipimwe kwa thamani ya haki kila mwisho wa mwaka, huku ongezeko au upungufu ukiingia moja kwa moja kwenye faida au hasara. Kenya ilikuwa imekwisha kukubali kanuni za kimataifa tangu mwaka 1999, kwa hiyo kampuni zetu zenye mashamba ya chai, kahawa na matunda zilifuata. Miongoni mwao ilikuwa Kakuzi ya Makuyu, Kaunti ya Murang'a, inayolima parachichi, makadamia na chai, na ambayo hisa zake zinauzwa katika Soko la Hisa la Nairobi.

Lengo la kanuni lilikuwa zuri. Mti unakua. Gharama ya mche haisemi chochote kuhusu mti wa miaka kumi unaozaa. Ila shida ilijitokeza: nani huuza shamba la miti ya parachichi iliyosimama, bila ardhi yake? Soko hilo halipo. Wahasibu wakalazimika kwenda ngazi ya tatu: kukisia mavuno ya miaka ijayo, kuyazidisha kwa bei, kutoa gharama, kisha kupunguza jumla kwa kiwango cha riba, kwa sababu shilingi ya mwaka 2035 haina uzito wa shilingi ya leo.

Tufanye hesabu ya mfano kwa ekari moja ya parachichi, kwa tarakimu za kubuni. Kupanda na kutunza miti mpaka izae kumegharimu shilingi 240,000. Shamba linauza matunda ya shilingi 500,000 kwa mwaka, gharama ni 200,000, linabaki na 300,000. Tukadirie miaka kumi ya mavuno yaliyo sawa na riba ya asilimia 12. Thamani ya leo ya mapato hayo ni karibu shilingi 1,695,000.

Sasa badilisha jambo moja tu. Dola ipande, bei ya matunda kwa shilingi iongezeke kwa asilimia 10, gharama zibaki zilivyo. Mauzo yanakuwa 550,000, kinachobaki ni 350,000, na thamani ya miti inaruka hadi karibu 1,978,000. Tofauti ni zaidi ya shilingi 280,000, na chini ya kanuni ya wakati ule kiasi hicho kiliandikwa kama faida ya mwaka huu. Hakuna tunda hata moja lililoongezeka. Na kama bei ingebaki ile ile, lakini mkadiriaji akaamua riba inayofaa ni asilimia 15 badala ya 12, thamani ingeshuka hadi karibu 1,506,000, na ingeandikwa hasara ya karibu shilingi 189,000 bila tawi hata moja kuvunjika.

Malalamiko yalitoka nchi nyingi, hasa Malaysia yenye mashamba makubwa ya michikichi. Hoja yao ilikuwa rahisi: mti wa michikichi, mchai au mparachichi hauuzwi. Unatumiwa kuzalisha, kama mashine ndani ya kiwanda. Hakuna anayepima mashine ya kiwanda kila mwaka kwa bei ya soko na kuita tofauti hiyo faida. Bodi ya kimataifa ya viwango, yenye makao London, ilikubali hoja hiyo mwaka 2014. Kuanzia tarehe 1 Januari 2016, mimea inayozaa kwa miaka mingi ilihamishwa kwenye kanuni ya mitambo na majengo. Kampuni inaweza kuiandika kwa gharama yake na kuipunguza kwa uchakavu. Katika mfano wetu, kama miti itazaa kwa miaka 20, uchakavu utakuwa shilingi 12,000 kwa mwaka.

Lakini bodi haikurudi nyuma kabisa. Tunda lililo juu ya mti bado linapimwa kwa thamani ya haki, kwa sababu lenyewe linakwenda sokoni na bei yake inajulikana. Miti ya mbao vilevile, maana itakatwa na kuuzwa. Ng'ombe wa maziwa naye amebaki katika thamani ya haki ingawa huzalisha kama mti wa parachichi, kwa kuwa mabadiliko yalihusu mimea tu. Mfugaji wa Kiambu anaelewa sababu ya pili bila kufundishwa: ng'ombe ana soko, na siku yoyote mtu anaweza kuja kumuulizia bei.

Somo la miaka hiyo 13 ni hili: thamani ya haki husema kweli zaidi pale kitu kinapokusudiwa kuuzwa na soko lake lipo. Gharama ya awali husema kweli zaidi pale kitu kinapokusudiwa kutumiwa na soko lake halipo. Kati ya hapo ndipo ubishi halali unapobaki.

Thamani ya zamani inapotumika kutoza kodi ya ardhi

Kuna mahali ambapo bei ya zamani ikiachwa kwa muda mrefu huleta dhuluma, nako ni katika kodi ya ardhi inayotozwa na kaunti. Kodi hiyo hutozwa kwa kufuata daftari la uthamini, ambalo huorodhesha kila ploti na thamani yake.

Nairobi inatoa mfano ulio wazi. Kwa miaka mingi jiji lilitumia thamani za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa kuwa thamani hizo zilikuwa ndogo mno, kiwango cha kodi kilipandishwa hadi asilimia 34 ya thamani hiyo ya zamani. Daftari jipya lilipoanza kutumika miaka ya karibuni, kiwango kwa makazi kiliwekwa asilimia 0.115 ya thamani ya sasa ya ardhi.

Mtu anaweza kudhani kila mmoja alipunguziwa. Hesabu inaonyesha vingine. Gawanya 34 kwa 0.115, utapata karibu 296. Maana yake, ploti ambayo thamani yake imepanda mara 296 tangu daftari la zamani inalipa kodi ile ile. Iliyopanda zaidi ya hapo inalipa zaidi, na iliyopanda chini ya hapo inalipa pungufu. Kwa hiyo, katika miaka yote ya daftari la zamani, mitaa ambayo bei yake ilipaa ilikuwa ikilipa kidogo kuliko ilivyostahili, na mitaa iliyobaki nyuma ikawabebea wengine mzigo. Tarakimu ya zamani ilikuwa na ushahidi wote, ila haikugawa tena mzigo kwa haki.

Mkazi atakayeona daftari jipya la uthamini limetangazwa asitazame thamani ya ploti yake peke yake. Atazame na kiwango cha asilimia, kisha alinganishe na ploti za jirani zinazofanana. Akiona yake imepimwa juu kuliko zinazolingana nayo, ana haki ya kuwasilisha pingamizi katika muda uliowekwa, na ushahidi wenye nguvu ni mauzo halisi ya karibuni.

Mali ya umma: nani atanunua barabara?

Turudi sasa kwenye mizania ya kaunti. Mali za umma huleta ugumu wa namna mbili.

Wa kwanza ni mali isiyo na gharama ya awali inayojulikana. Ardhi nyingi za masoko, shule za chekechea na zahanati zilirithiwa mwaka 2013 kutoka mabaraza yaliyovunjwa, likiwamo Baraza la Manispaa ya Thika. Nyingine zilitolewa bure na wahisani au kampuni za ardhi. Ukifuata gharama ya awali kikamilifu, zingeandikwa sufuri, na mali iliyoandikwa sufuri ni rahisi kunyakuliwa bila mtu kugundua. Kwa hiyo viwango vya kimataifa vya sekta ya umma, IPSAS, vinasema mali iliyopokelewa bure iandikwe kwa thamani ya haki ya siku ilipopokelewa. Vilevile vinaruhusu taasisi inayoingia katika mfumo mpya ipime mali mara moja kwa thamani ya siku hiyo, kisha kiasi hicho kihesabiwe kuwa ndiyo gharama yake kuanzia hapo. Njia mbili zinazobishana hukutana hapa: thamani ya leo hufungua kitabu, na gharama hukiendeleza.

Ugumu wa pili ni mali isiyouzika. Hakuna soko la barabara ya mtaa, taa za barabarani au mtaro wa maji ya mvua. Ardhi ya hospitali iliyo katikati ya mji ingeweza kuleta pesa nyingi kama ingeuzwa kwa mjenzi wa ghorofa, lakini haipo kwa ajili hiyo. Kuiandika kwa bei ya mjenzi kungeifanya kaunti ionekane na utajiri ambao hauwezi kulipa deni lolote. Ndiyo maana viwango vipya vya sekta ya umma, vilivyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, vimeongeza kipimo cha tatu kwa mali inayotumiwa kutoa huduma. Kipimo hicho huuliza: huduma iliyobaki ndani ya mali hii ingegharimu kiasi gani leo kuipata, katika mahali ilipo na kwa matumizi iliyo nayo? Kwa zahanati, mthamini huchukua gharama ya kujenga nyingine kama hiyo leo, kisha hutoa sehemu iliyokwisha kuchakaa.

Kipimo hicho nacho kina mtego. Kaunti ikikadiria gharama ya ujenzi juu mno, uchakavu wa kila mwaka unakuwa mkubwa na huduma inaonekana ghali kuliko ilivyo. Ikikadiria chini, hakuna atakayejua kwamba paa na mabomba yanazeeka kwa kasi kuliko pesa zinazotengwa kuyakarabati.

Maswali ya mkazi anayesoma orodha ya mali

Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za mwaka 2015 zinamtaka kila afisa mhasibu atunze daftari la mali iliyo chini yake, na taarifa za fedha za kaunti hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kila mwaka. Mkazi anaposoma taarifa hizo, au anapohudhuria kikao cha ushiriki wa umma, maswali yafuatayo yatamsaidia:

1. Mali hii imeandikwa kwa gharama, kwa thamani ya soko, au kwa gharama ya kujenga upya? Jibu liwe limeandikwa, lisiwe la kukisia.

2. Kama imepimwa, ilipimwa tarehe gani, na mthamini amesajiliwa chini ya Sheria ya Wathamini? Thamani ya miaka kumi iliyopita imekwisha kuwa bei ya zamani nyingine.

3. Je, aina yote ya mali imepimwa pamoja, au zimechaguliwa zilizopanda tu?

4. Ongezeko la thamani limewekwa wapi? Likichanganywa na mapato yaliyokusanywa, bajeti inaweza kupangwa juu ya pesa ambazo hazipo.

5. Mali ya aina hiyo ilipouzwa baadaye, bei iliyopatikana ilikaribiana na thamani iliyoandikwa? Hili ndilo jaribio la mwisho. Gari kuukuu lililoandikwa shilingi 900,000 na kuuzwa mnadani kwa 250,000 linaeleza jinsi vipimo vingine vya daftari hilo vinavyoweza kuaminiwa.

6. Mali zisizo na hati ya umiliki zimetajwa? Thamani nzuri juu ya ardhi isiyo na hati haimlindi mwananchi. Hati huja kwanza, kipimo kifuate.